Mguso Mmoja, Hukumu Tatu: Njia za Wafasiri wa Qur'ani

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu wafasiri wa zamani wa Qur'ani na jinsi walivyotofautiana katika kufasiri. Tutawatazama wachache tu, kupitia jambo moja ambalo Mwislamu hukutana nalo kila siku. Mtu ametia udhu, anangoja alasiri. Mkewe anampa simu yake, vidole vinagusana. Au yuko dukani, mteja wa kike anampa pesa, mikono inakutana. Je, udhu wake umevunjika? Ukiuliza hapa kwetu mpakani Busia unaweza kupata majibu matatu kabla hujamaliza mtaa. Aliyesomeshwa na masheikh wa Pwani atakwambia umevunjika, kwa kuwa Pwani ni madhehebu ya Shafi. Jirani yake wa madhehebu ya Hanafi, ambayo familia nyingi zenye asili ya Bara Hindi huyafuata, atakwambia haujavunjika. Naye aliyerithi mafundisho ya Maliki, kama yalivyo Sudan walikotoka mababu wa ndugu zetu Wanubi, atakuuliza kwanza: uligusa kwa matamanio au bila matamanio?

Majibu matatu, na wote watatu wanategemea aya ile ile. Aya hiyo imo katika Suratun Nisaa, ni ya 43, na maneno yake yanarudi katika Suratul Maida, aya ya 6. Aya inaeleza nani anaruhusiwa kutayamamu kwa udongo anapokosa maji, na katika kuwataja inamtaja aliyetoka haja, kisha inawataja waliowagusa wanawake. Neno la Kiarabu hapo limetokana na lamsi, yaani kugusa. Swali ni hili: kugusa huku ni kwa mkono, au ni tendo la ndoa lililotajwa kwa lugha ya staha? Ukisema ni mkono, mguso unavunja udhu. Ukisema ni tendo la ndoa, basi aya haisemi lolote juu ya mikono kugusana. Hukumu nzima imekaa juu ya neno moja. Ndiyo maana mfano huu unatufaa: kila mfasiri alilazimika kusimama hapo na kutuonyesha anavyofanya kazi yake.

Ninalotaka kulisema leo ni hili, na nitalirudia. Wafasiri wakubwa hawakutofautiana kwa sababu mmoja alikuwa na ushahidi na mwingine hakuwa nao. Ushahidi wao, kwa sehemu kubwa, ni ule ule. Walitofautiana katika swali la ushahidi upi utangulie. Ni kama wazee walioitwa kuamua mpaka wa shamba: mmoja huanza kwa kuwasikiliza walioishi hapo zamani, mwingine huanza kwa kulitazama jiwe la mpaka, na wa tatu huanza kwa kuuliza shamba limekuwa likilimwaje. Mashahidi ni wale wale, lakini anayetangulia kusikilizwa ndiye anayewapima wengine. Sasa tuwatazame wafasiri wenyewe.

Tuanze na Imamu Muhammad bin Jarir at-Tabari, aliyezaliwa Amul katika nchi ya Tabaristan na kufariki Baghdad mwaka 923, sawa na mwaka 310 Hijria. Tafsiri yake ndiyo mama wa tafsiri za mapokezi. Njia yake ni kukusanya kwanza: kila kauli ya masahaba na wanafunzi wao inaletwa pamoja na isnadi yake, yaani mnyororo wa watu walioipokea, fulani kutoka kwa fulani. Anapofika kwenye neno letu, anaziweka kauli mbili. Ya kwanza ni ya Ibn Abbas, binamu yake Mtume, kwamba lamsi hapa ni tendo la ndoa. Tabari anapokea kisa kutoka kwa Said bin Jubayr, kwamba watu walibishana juu ya neno hili: Waarabu wakasema ni tendo la ndoa, na Waislamu wasio Waarabu wa asili wakasema sivyo. Said akaenda kumuuliza Ibn Abbas, naye akamuuliza alikuwa upande gani. Alipojibu kwamba alikuwa na wale wasio Waarabu, Ibn Abbas akamwambia upande huo umeshindwa, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hutaja jambo hilo kwa fumbo na staha kama apendavyo. Kauli ya pili ni ya Ibn Masud, sahaba mkubwa aliyesomesha Kufa, kwamba lamsi ni chini ya tendo la ndoa, na hata busu ni sehemu ya mguso huo, na linavunja udhu.

Sasa sikilizeni anachofanya Tabari baada ya hapo, kwa sababu hapa ndipo wengi humwelewa visivyo. Husemwa kwamba yeye ni mfasiri wa mapokezi tu, kana kwamba kazi yake ni kukusanya na kuondoka. Sivyo. Baada ya kukusanya, anapima. Anasema kauli iliyo karibu zaidi na usawa ni ya tendo la ndoa, na sababu anayoitoa ni hadithi ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimbusu mmoja wa wakeze kisha akaenda kuswali bila kutia udhu upya. Kwa hiyo mizani yake inaonekana wazi. Neno lina maana mbili zinazowezekana, masahaba wamegawanyika, basi kitendo cha Mtume ndicho kinachokata. Mapokezi yanahukumu lugha. Na aliyeamua kwamba hadithi hii ni sahihi na inatosha kukata ni akili ya Tabari mwenyewe. Hakuna mapokezi yasiyopita katika mizani ya mtu.

Tunakuja kwa wa pili, Abu Bakr al-Jassas, mwanachuoni wa Hanafi aliyefariki Baghdad mwaka 981, sawa na 370 Hijria. Kitabu chake ni cha aina nyingine: kinaitwa Ahkamul Qur'an, yaani hukumu za Qur'ani, na hushughulikia hasa aya zinazotoa sheria. Naye anafika mahali alipofika Tabari, kwamba ni tendo la ndoa, lakini tazameni njia aliyopita. Anasema neno la kugusa likiambatana na wanawake hueleweka kuwa tendo la ndoa, na anatoa mfano wa neno jingine la Kiarabu ambalo asili yake ni kukanyaga kwa mguu, lakini likiambatana na mwanamke hakuna Mwarabu anayefikiria mguu. Kisha anatazama umbo la kitenzi katika kisomo cha wengi. Umbo hilo hueleza kitendo cha watu wawili, kila mmoja kwa mwenzake, na tendo la ndoa ndilo la namna hiyo. Kisha anaitazama aya kama sheria iliyopangwa. Aya imemtaja aliyetoka haja, ambaye anahitaji udhu tu. Ikiwa kugusa ni tendo la ndoa, basi aya imemtaja pia mwenye janaba, ambaye anahitaji kuoga, na hapo tumepata hukumu ya tayamamu kwa wote wawili. Ikiwa kugusa ni kwa mkono, aya itakuwa imetaja jambo la udhu mara mbili, na mwenye janaba asiye na maji ameachwa nje ya ruhusa.

Je, mmeona tofauti? Tabari na Al-Jassas wanakubaliana katika jibu, lakini hawakubaliani katika njia. Kwa Tabari, hadithi ndiyo inayofunga mjadala. Kwa Al-Jassas hadithi ipo, lakini uzito mkubwa umewekwa kwenye matumizi ya lugha na mpango wa sheria ndani ya aya. Hili lina faida kubwa kulijua, kwa sababu mtu akiidhoofisha hadithi ile ya busu, hoja ya Tabari inatikisika, lakini ya Al-Jassas bado ina miguu ya kusimamia.

Na hadithi hiyo kweli imejadiliwa. Wa tatu wetu atatufikisha huko. Huyu ni Fakhruddin ar-Razi, mzaliwa wa mji wa Rayy, aliyefariki Herat mwaka 1210, sawa na 606 Hijria. Tafsiri yake ni kubwa, na njia yake ni ya mjadala: analigawa suala, analeta hoja ya kila upande, anaihoji, kisha anatoa uamuzi. Alikuwa Shafi katika sheria. Katika suala letu anasema kauli ya kugusa kwa mkono ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwa nini? Anaanza na kanuni: neno hubebwa kwa maana yake ya asili mpaka ipatikane sababu ya kuliondoa hapo. Asili ya lamsi ni kugusa kwa mkono. Kisha analeta jambo ambalo msikilizaji wa kawaida huenda hajalisikia. Neno hili lina visomo viwili vilivyopokewa. Wasomaji wengi wa Qur'ani, akiwemo Asim ambaye kisomo chake kwa njia ya Hafsi ndicho tunachokisoma Afrika Mashariki, hulivuta kwa alifu. Hamza na Al-Kisai, waliokuwa maimamu wa kisomo Kufa, hulisoma bila alifu. Razi anasema kisomo kisicho na alifu ni kugusa kwa mkono waziwazi, na kwa kuwa visomo viwili vya Qur'ani haviwezi kupingana, kile chenye alifu nacho kifasiriwe hivyo hivyo. Kumbukeni kwamba ile alifu ndiyo aliyoitegemea Al-Jassas kusema kitendo ni cha watu wawili. Herufi moja, na kila mmoja ameivuta upande wake kwa kanuni iliyo wazi.

Sasa msikilizaji atasema: lakini ikiwa Mtume alibusu akaswali, ubishi wa nini tena? Hoja hiyo ni nzito na inastahili jibu kamili. Wanaofuata njia ya Shafi hawasemi kwamba kitendo cha Mtume hakina uzito. Wanasema mnyororo wa hadithi ile una kasoro. Njia yake mashuhuri inapita kwa Habib bin Abi Thabit kutoka kwa Urwa kutoka kwa Bibi Aisha, na Imamu Tirmidhi amenukuu kwamba Bukhari aliidhoofisha, kwa kuwa Habib hakusikia kutoka kwa Urwa. Basi wa upande wa pili huleta hadithi nyingine ambayo haina kasoro hiyo, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Bibi Aisha alikuwa akilala mbele ya Mtume usiku anaposwali, naye akitaka kusujudu humgusa ili akunje miguu. Wanazuoni wa Shafi wanajibu kwamba inawezekana palikuwa na nguo katikati. Wapinzani wao wanauliza: nguo hiyo imetajwa wapi? Mnaona jinsi suala lilivyohama. Sasa si suala la kama Mtume afuatwe au asifuatwe. Ni suala la lini mapokezi yana nguvu ya kutosha kuliondoa neno la Qur'ani kwenye maana yake ya asili. Tabari aliiona nguvu hiyo imetimia. Razi hakuiona.

Na wale wa jibu la tatu, la matamanio, walifikaje? Msemaji wao mkubwa katika tafsiri ni Al-Qurtubi, mtu wa Cordoba ya Andalusia, aliyehamia Misri na kufariki huko mwaka 1273, sawa na 671 Hijria. Yeye ni wa Maliki, na tafsiri yake imejengwa kwa masuala: kila aya huigawa katika suala la kwanza, la pili, la tatu, na katika kila moja huyapanga madhehebu bega kwa bega. Anaeleza njia ya Maliki kuwa ni ya kushika pande zote mbili: kugusa ni kwa mkono, na ni kwa tendo la ndoa vilevile, lakini mguso wa mkono unaohesabiwa ni ule unaofanana na tendo hilo kwa kuwa una ladha na matamanio. Kwa njia hiyo neno halikuondolewa kwenye asili yake, na ile miguu ya Bibi Aisha iliyoguswa gizani katika swala haikuhitaji kufunikwa kwa nguo ya kudhaniwa, kwa sababu hapakuwa na matamanio ndani yake. Hapa kinachotangulia ni sababu ya hukumu: kwa nini mguso uvunje udhu hata kidogo?

Sasa kuna pingamizi ambalo najua baadhi yenu mmelishika tangu mwanzo. Mtasema: njia zote hizi ni mapambo, ukweli ni kwamba kila mmoja alitetea madhehebu yake. Razi ni Shafi, akaipa nguvu Shafi. Al-Jassas ni Hanafi, akaipa nguvu Hanafi. Nakubali kwamba kuna ukweli ndani yake. Vitabu vya hukumu za Qur'ani viliandikwa na watu waliokuwa na shule za kuzitetea, na msomaji mzuri hulikumbuka hilo. Lakini pingamizi hilo halielezi mambo mawili. La kwanza, mgawanyiko huu ulikuwepo kwa Ibn Abbas na Ibn Masud, kabla hawajazaliwa Abu Hanifa, Maliki na Shafi. Madhehebu hayakuuzua, yaliurithi. La pili, Tabari alisomea fiqhi ya Shafi kabla ya kuwa na njia yake mwenyewe, na hapa aliamua kinyume cha Shafi kwa sababu mizani yake ilimpeleka huko. Kama elimu yote ingekuwa kutetea nyumba, hilo lisingetokea.

Mwingine atauliza: haya yananihusu nini mimi nisiyejua Kiarabu? Yanakuhusu kwa sababu tafsiri inayokufikia imeshapunguzwa. Kitabu kilichosomeshwa sana katika misikiti ya Pwani, na ambacho darsa nyingi za Ramadhani baada ya alasiri zimekitegemea, ni Tafsirul Jalalayn. Kilianzwa na Jalaluddin al-Mahalli na kukamilishwa na Jalaluddin as-Suyuti, wote wa Misri, katika karne ya 15. Suratun Nisaa imo katika nusu ya Suyuti. Kwenye neno letu anaandika mistari michache mno: anataja visomo viwili, anasema ni kugusa kwa mkono kwa kauli ya Ibn Umar na ndivyo alivyoshika Shafi, kisha anaongeza kwa maneno machache kwamba Ibn Abbas alisema ni tendo la ndoa. Basi. Kisa cha Said bin Jubayr hakimo, wala mpango wa sheria wa Al-Jassas, wala mzozo wa isnadi. Hilo si kosa la Suyuti, kwani kitabu chake ni cha kumfundisha mwanafunzi kwa ufupi, na uaminifu wake umeonekana katika kuitaja kauli ya pili. Lakini mwalimu akiisoma sentensi ya kwanza na kuiruka ya pili, msikilizaji huondoka akidhani tafsiri zote zimesema jambo moja.

Mfasiri wa Kiswahili ana mtihani mkubwa zaidi. Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1968, alichapisha tafsiri yake kamili, Qurani Takatifu, mwaka 1969, na hakutosheka na matini. Aliweka maelezo chini ya aya. Suala letu linaonyesha kwa nini maelezo yanahitajika. Matini ya Kiswahili inabeba neno moja tu mahali pa lile la Kiarabu. Ukiandika kugusa, msomaji atafikiria mkono, umempendelea Razi. Ukiandika kuingiliana, umempendelea Tabari. Hakuna neno lisilo na upande. Kwa hiyo ukisoma tafsiri yoyote ya Kiswahili, usimalizie macho kwenye matini. Shuka kwenye maelezo utafute: je, kauli ya pili imetajwa? Imetajwa kwa jina la nani? Ukikuta maelezo yanasema tafsiri inasema hivi, bila kumtaja mfasiri wala njia yake, ujue umepewa hukumu bila ushahidi wake.

Wala msidhani namaanisha kwamba kauli zote ni sawa na kila mtu achague iliyo nyepesi. La. Hukumu hizi zina uzito katika ibada. Vitabu vya Shafi vinavyosomwa Pwani, kikiwemo Minhaj cha Imamu Nawawi, vimejadili waziwazi maamuma wa Shafi anayeswali nyuma ya imamu wa Hanafi aliyefanya jambo linalovunja udhu kwa Shafi lakini si kwa Hanafi, na mtazamo wenye nguvu kwao ni kwamba maamuma akijua hivyo, huhesabu kwa itikadi yake mwenyewe. Hilo ni suala la kweli, na katika msikiti wa mpakani ambamo watu wa madhehebu matatu hupanga safu moja, linaweza kuzuka. Lakini wanazuoni hao hao hawamlazimishi maamuma kupeleleza. Humchukulia imamu kuwa ana udhu sahihi. Anayesimama kumwambia mwenzake kwamba swala yake ni batili kwa mujibu wa Qur'ani kwa sababu alimgusa mkewe, huyo amevuka alipoishia Razi, maana Razi alisema kauli yake ina nguvu zaidi, baada ya kuileta ya mpinzani wake na kuijibu kwa hoja.

Basi turudie, wasikilizaji. Tabari alitanguliza mapokezi na akayapima. Al-Jassas alitanguliza matumizi ya lugha na mpango wa sheria. Razi alitanguliza maana ya asili ya neno mpaka liondolewe kwa dalili yenye nguvu. Qurtubi alitanguliza sababu ya hukumu. Ukisikia tafsiri mbili zinapingana, usikimbilie kuuliza nani mkweli. Uliza kwanza kila mmoja ameutanguliza ushahidi gani, na je, ameujibu ushahidi wa mwenzake? Aliyefanya hivyo anastahili kusikilizwa hata usipokubaliana naye. Mwenye Shafi abaki na udhu wake, mwenye Hanafi na wake, mwenye Maliki na wake, na kila mmoja ajue hoja ya yule aliyesimama naye bega kwa bega.